Maneno Mangapi Bado? Kupima Msamiati kwa Mafungu ya Elfu

REHEMA: Karibu tena msikilizaji. Leo Juma amekuja studio na karatasi yenye alama za tiki kuanzia juu hadi chini. Kaka, hiyo ni nini?

JUMA: Ni jaribio la msamiati wa Kiingereza nililojipa wiki iliyopita. Nilitaka kujua mambo mawili: najua maneno mangapi, na yamebaki mangapi mpaka niweze kusoma habari ndefu bila kukwama kila mstari.

REHEMA: Na huwezi kukaa ukahesabu kila neno unalolijua.

JUMA: Huwezi. Kinachofanyika ni kuchukua mkusanyo mkubwa wa matini, kuhesabu kila neno linajirudia mara ngapi, kisha kuyapanga kuanzia linalotumika zaidi. Orodha hiyo inakatwa mafungu ya maneno elfu moja moja. Fungu la kwanza ni yale ya kila sentensi, la pili yanapungua kidogo, na kuendelea. Halafu kwenye kila fungu unachota maneno machache kwa bahati nasibu, unajipima kwa hayo, na unakadiria fungu zima.

REHEMA: Kabla hujaendelea, "neno moja" hapo ni nini? Maana anasoma, walisoma, tutasoma, kwenye kompyuta ni maneno matatu.

JUMA: Hapo ndipo watu wanapotofautiana kwa maelfu. Orodha ninayoitumia inahesabu familia za maneno: neno la msingi pamoja na ndugu zake. Kwa Kiswahili ungesema soma, msomaji, somo, kisomo, wote nyumba moja. Ukihesabu kila umbo peke yake, mtu yuleyule ataonekana ana msamiati mara kadhaa ya huo. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema anajua maneno 20,000, muulize kwanza amehesabu nini.

REHEMA: Sawa. Tuingie kwenye karatasi.

JUMA: Nilichukua mafungu sita, na kila fungu nikachota maneno 20. Kazi yangu ilikuwa kuweka tiki kwenye neno ninalojua maana yake. Fungu la kwanza nilipata 20 kati ya 20. La pili 18, la tatu 16, la nne 12, la tano 9, la sita 6.

REHEMA: Kwa hiyo kila tiki inasimama badala ya maneno 50.

JUMA: Haswa. Ukijumlisha hivyo hivyo unapata 4,050. Ila kuna jambo: ndani ya orodha kulikuwa na maneno 40 ya uongo, ambayo hayapo kabisa katika Kiingereza, yametungwa tu yafanane na ya kweli. Mtafiti Paul Meara ndiye aliyefanya kazi kubwa kwenye majaribio ya namna hii.

REHEMA: Kama nikikutungia "mkubizo" au "kudombaza" hapa, mtu anaweza kabisa kudhani ni ya kweli.

JUMA: Na mimi nilidhani. Niliweka tiki kwenye maneno sita ya uongo. Moja nililitazama mara mbili nikaona kabisa nimewahi kulisoma mahali. Sita kati ya 40 ni asilimia 15. Maana yake nina tabia ya kusema "najua" pale ninapohisi tu, na tabia hiyo imeingia pia kwenye maneno ya kweli. Lazima niitoe.

REHEMA: Unaitoaje?

JUMA: Kwa kila fungu, chukua kiwango cha tiki, toa 0.15, kisha gawanya kwa 0.85, yaani kile kinachobaki ukitoa 0.15 kwenye 1. Chukua fungu la nne: 12 kati ya 20 ni 0.6. Toa 0.15, inabaki 0.45. Gawanya kwa 0.85, unapata kama 0.53. Kwa hiyo kwenye fungu la nne ninayoyajua si maneno 600, ni kama 530. Nilipofanya hivyo kote nikapata 1,000, 880, 765, 530, 355 na 175. Jumla 3,705.

REHEMA: Karibu maneno 350 yamepotea.

JUMA: Hayakuwa yangu tangu mwanzo. Na hata hiyo 3,705 usiishike kama namba ya kitambulisho. Maneno 20 kwa fungu ni sampuli ndogo. Ningechota mengine 20, tiki zingebadilika. Ukipiga hesabu ya bahati ya sampuli, mimi niko mahali fulani kati ya 3,200 na 4,200. Kwa hiyo mtu akijipima mwezi huu akapata 3,700, mwezi ujao 3,900, bado hajui kama ameongeza kitu.

REHEMA: Sasa lengo. Unataka kufika wapi?

JUMA: Paul Nation wa Chuo Kikuu cha Victoria, Wellington, alionyesha mwaka 2006 kwamba kusoma maandishi ya Kiingereza ukijua asilimia 98 ya maneno yaliyo ukurasani kunahitaji familia 8,000 hadi 9,000. Hapo unakutana na neno geni moja katika kila 50. Lengo langu la sasa ni asilimia 95, neno geni moja katika kila 20. Hapo watafiti wanataja familia 4,000 hadi 5,000, ukichukulia kwamba majina ya watu na mahali hayakusumbui. Nimechagua 5,000.

REHEMA: Basi 5,000 toa 3,705, zimebaki 1,295.

JUMA: Hapo ndipo nilipokosea mwanzoni! Zile 175 za fungu la sita haziko ndani ya 5,000 za kwanza. Ni mali yangu, lakini hazizibi pengo hili. Hesabu mapengo yenyewe: 120 fungu la pili, 235 la tatu, 470 la nne, 645 la tano. Jumla 1,470.

REHEMA: Na mapengo hayo hayana uzito sawa.

JUMA: Hata kidogo. Katika maandishi ya Kiingereza, elfu ya pili peke yake inabeba asilimia 8 hadi 9 ya maneno yaliyo ukurasani, na elfu ya tatu asilimia 3 hadi 5. Lakini mafungu ya sita hadi ya tisa, maneno 4,000 mazima, yote pamoja yanabeba kama asilimia 2. Sasa angalia: mapengo yangu ya fungu la pili na la tatu ni maneno 355. Nikiyaziba napata karibu asilimia hiyohiyo 2.

REHEMA: Maneno 355 kwa faida ya 4,000!

JUMA: Pengine pungufu kidogo, kwa sababu ndani ya fungu lenyewe nisiyoyajua huwa ni yale ya mkiani. Lakini tofauti bado ni kubwa mno. Na mimi miezi yote hiyo nilikuwa nakariri maneno magumu nikidhani ya chini nimeyamaliza.

REHEMA: Swali langu la mwisho: jaribio limekuambia una mapengo 120 fungu la pili. Limekuambia ni yapi?

JUMA: Limenionyesha mawili tu, yale niliyokosa tiki. Mengine inabidi niyatafute kwa kupitia fungu zima, neno kwa neno. Nimeanza juzi. Naziba maana kwa mkono, naitamka kichwani, kisha nafunua. Tiki naweka tu kama maana niliyoisema ndiyo iliyoandikwa. Maneno 200 ya mwanzo yamenipa mageni 17.

REHEMA: Na kujipima tena?

JUMA: Nikimaliza la tatu. Na nitachota maneno mapya, maana yale 120 ya kwanza nimeshayatazama sana, yatanidanganya.