Anza na Risiti: Maneno ya Jalada la Nyuma

Ndugu zangu waandishi, nitasema tena neno ambalo baadhi yenu mmeshalisikia kwangu, kwa sababu bado naletewa majalada yaleyale. Mtu amejichapishia riwaya yake kwa fedha yake, picha ya mbele ni nzuri, ukigeuza nyuma unakuta hivi: "Hii ni riwaya ya kusisimua inayozungumzia mapenzi, usaliti, tamaa na nguvu ya familia. Mwandishi ametumia lugha tamu na mandhari ya kuvutia." Niambieni, sentensi hiyo ni ya kitabu gani? Ni ya kila kitabu. Ukiibandika kwenye jalada la jirani yako hakuna atakayegundua.

Yule aliyesimama mbele ya rafu hakujui. Jina lako halijawahi kupita masikioni mwake, wala hakuna nembo ya mchapishaji mkubwa ya kumtoa wasiwasi. Picha imemfanya akichukue kitabu, sasa amekigeuza. Anataka kujua jambo moja tu: humu ndani kumetokea nini?

Niwape mfano wa mswada niliousoma mwenyewe, na mwandishi wake ameniruhusu kuueleza. Maneno yake ya nyuma yalikuwa kama hayo niliyoyasoma. Nikamuuliza, kisa kinaanza kuchemka wapi? Akafungua ukurasa wa 31, kati ya kurasa 280. Pale mjane anakabidhiwa risiti ya ada ya shule. Nikamwambia, hapo hapo! Tukaketi, tukaandika:

"Wiki tatu baada ya kumzika mumewe, Zaina analetewa risiti ya ada ya mtoto asiyemjua. Risiti ina sahihi ya marehemu. Tarehe yake ni ya juzi."

Angalieni kilichofanyika. Kuna mtu mmoja mwenye jina, mmoja tu. Mswada ule una wahusika tisa wenye majina, na rasimu ya kwanza iliwataja watano. Msomaji akikutana na majina matano katika mistari sita anaanza kuhesabu ukoo, na kisa kinampita. Shemeji tukamwita shemeji. Pia kuna kitu cha kushikika, karatasi yenye sahihi na tarehe. Hatukuandika neno "siri" wala "usaliti", kwa kuwa tarehe ile inatosha kumwonyesha msomaji kwamba pana mtu anadanganya.

Lakini tukio peke yake halitoshi. Tukaongeza: "Shemeji anayesimamia mirathi anamsihi aichome. Zimebaki siku kumi na mbili mali igawanywe, na kama mtoto huyo yupo, naye ni mrithi." Sasa Zaina ana la kuchagua, kila upande una hasara yake, na siku zinakwenda.

Najua mtakaloniuliza, maana naye aliniuliza: "Mwalimu, nikiitaja risiti si nimeshatoboa kisa?" Hapana! Siri ya kitabu ni nani aliyetia sahihi ile, na jibu liko mbali sana, karibu na mwisho. Risiti ni mlango. Mimi hupima hivi: lililotokea katika robo ya kwanza ya kitabu, hapa kurasa 70, liko huru kusemwa nyuma. Linalokuja baadaye liacheni ndani. Wengi wenu mnafanya kinyume: mnauficha mlango, halafu mstari wa mwisho mnaandika "na hatimaye haki inashinda". Basi afungue atafute nini?

Na yale maswali ya mwishoni, "Je, Zaina atafanikiwa?", yafuteni. Msomaji atajiuliza mwenyewe kama mmempa sababu.

Naona muda unanibana, kwa hiyo haya mengine nayataja tu. Maneno mia moja hadi mia moja na hamsini yanatosha. Wasifu wako uwe mistari miwili, chini. Sifa alizokuandikia rafiki yako ziondoe, mnunuzi hamjui yeye wala wewe. Pembeni chini achieni nafasi nyeupe ya ile mistari ya ISBN inayosomwa na mashine, kabla msanifu hajapanga maneno. Nimeona jalada ambalo mistari hiyo ilifunika sentensi ya mwisho.

Kabla ya kuchapa, toeni nakala moja ya jalada kwa ukubwa wake halisi. Mpe mtu ambaye hajasoma mswada, asome akiwa amesimama, kisha ichukue na umuulize alichokumbuka. Akikujibu "ni habari za familia", rudi ukaandike upya. Kwa jalada la Zaina tulimpa mtu nakala, akasoma, akairudisha, akauliza, "Sasa nani alisaini?" Tukapeleka kiwandani.