Picha ya akili unde na mbuzi kwenye gunia

Nimepewa dakika ishirini kuzungumza nanyi wabunifu, na wanaonijua wanajua kumi na tano nitazimalizia kwenye sentensi moja ya mkataba. Nivumilieni. "Mbunifu anamhamishia mteja hakimiliki yote ya picha hii, na anamhakikishia kuwa ni kazi yake halisi." Nani hajawahi kutia sahihi maneno hayo? Sasa, nani ametia sahihi huku picha imetoka Midjourney, mashine ya akili unde inayochora? Mnacheka. Kijana aliyenijia hakuwa anacheka.

Mteja wake anauza asali. Alitaka lebo na bango: mzee anarina asali juu ya mti, jua linakuchwa. Kijana akaandika maelezo, mashine ikachora, akaongeza jina la bidhaa kwa maandishi aliyoyabuni mwenyewe, akalipwa. Asali ikapata soko Marekani. Muda si mrefu muuzaji mwingine huko akaichukua picha ya yule mzee, akaibandika kwenye chupa zake. Mteja akakimbilia kwa wakili wa huko asajili hakimiliki ili ashtaki. Ukisajili kule, lazima useme sehemu ipi imechorwa na mashine, na sehemu hiyo hailindwi, kwa sababu haina mtunzi binadamu. Mteja akarudi kwa kijana: "Uliniuzia nini?" Mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe tupu.

Najua mnachotaka kusema. "Lakini mimi nilikesha nikirekebisha maelezo!" Mmarekani Jason Allen, aliyetumia Midjourney, alidai ameandika maelezo mara 624, na zaidi, kupata picha moja. Septemba 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikamkatalia, na Januari 2025 ikaeleza tena kwamba maelezo peke yake hayatoshi. Kinachohesabika ni kile mkono wako umeongeza nacho kikaonekana: picha uliyopiga, mchoro wako, mpangilio wako. Kwa hiyo yale maandishi ya jina na mpangilio wa lebo vilikuwa na nafasi ya kutetewa. Mzee na mti wake, hapana.

"Hayo ni ya Wamarekani, sisi tuko Nairobi." Haya, twende nyumbani. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inasema mtunzi wa kazi iliyotengenezwa na kompyuta ni yule aliyefanya maandalizi yaliyohitajika ili kazi ipatikane. Inasema pia kazi ya kuagizwa huwa ya aliyeiagiza, msipokubaliana vingine. Kwa hiyo hapa mteja ana pa kushika. Lakini aliyefanya maandalizi ni nani: wewe uliyeandika maelezo, au mteja aliyekutumia ujumbe wa sauti wa dakika sita akieleza hadi rangi ya kofia ya mzee? Tena sheria hiyo hiyo inadai juhudi za kutosha za kuipa kazi uhalisi. Maneno manne na kubofya mara moja, utamshawishi jaji? Picha ile ile inaweza kuwa na mwenyewe Nairobi na ikawa ya wote New York.

Ndiyo maana mkataba wa kijana tuliuandika upya. Unataja chombo kilichotumika na tarehe. Unasema anahamisha haki alizo nazo, kama zipo, wala haahidi kuwa mwingine hawezi kuitumia picha. Kisha unaorodhesha kazi ya mkono wake, ambayo anaihamisha yote, pamoja na faili lenye tabaka zake kama ushahidi. Na jina la asali likasajiliwe kama alama ya biashara. Huko hakuna anayeuliza nani alichora. Hilo lilipaswa kuwa la kwanza.

Leseni, haraka. Masharti ya Midjourney yanadai kampuni yenye mapato ya zaidi ya dola 1,000,000 kwa mwaka iwe kwenye mpango wa malipo wa Pro au Mega ndipo imiliki picha. Wewe unayefanya kazi kwenye kampuni kubwa huku unatumia akaunti yako ya bei nafuu, nakuangalia. Tunzeni risiti.

Alama ya kutambulisha picha ya akili unde nimeipunja, mwenyekiti ameshasimama. Ndani ya faili, kwenye uga wa `Digital Source Type`, picha iliyotengenezwa yote na mashine huandikwa `trainedAlgorithmicMedia`. Picha yako halisi uliyoiongezea kipande cha mashine ni `compositeWithTrainedAlgorithmicMedia`. Msizichanganye. Mwaka 2024 Meta ilibandika "Made with AI" kwenye picha halisi zilizoguswa kidogo tu, wapigapicha wakalalamika, ikabadilishwa kuwa "AI info". Na ukishaandika, usimtumie mteja kwa WhatsApp kama picha, maana taarifa hizo hufutika njiani. Itume kama dokumenti.

Ndiyo, mama wa nyuma? Hapana, alama haifuti uongo. Kama asali yako haijawahi kuona ule mti, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakuhusu hata ukiandika "akili unde" kwa herufi nyekundu.