Kuhesabu Matusi: Habari ya Neno Moja Lililopotea

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Poleni na foleni ya Ubungo. Mama mmoja pale mlangoni ameniuliza kama leo atayasikia yenyewe. Nimemwahidi kwamba yale ya nguoni sitayataja, nitayazunguka tu. Na huko kuzunguka, mtaona, nako ni sehemu ya somo.

Nianze na aibu yangu. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa na mafaili ya magazeti ya Kiswahili kwenye kompyuta. Nikaandika tusi moja la herufi 4, nikabonyeza kutafuta. Yakaja maelfu! Nikajua nimepata tasnifu: waandishi wetu hawana adabu. Sasa chukueni kitenzi "kumaliza", mfute herufi 4 za mwisho. (Kicheko.) Basi kila aliyemaliza shule, kila aliyemaliza kikao, nilimwandika mtukanaji.

Hilo lina dawa rahisi, unaiambia mashine itafute neno zima tu. Gumu ni linalofuata. Methali yetu inasema mavi ya kale hayanuki. Hilo neno la kwanza mtu hawezi kulisema mezani kwa wakwe, lakini ndani ya methali mzee analitamka barazani na hakuna anayeshtuka. Mwalimu wa kilimo analiandika akieleza mbolea. Na konda akirushiana maneno na abiria, hapo ndipo linakuwa tusi. Kwa mashine yote matatu ni kitu kimoja.

Kwa hiyo wanaisimu hurudi kusoma kwa macho. Kompyuta inawapangia kila tokeo kwenye mstari wake, pamoja na maneno machache ya kabla na ya baada. Tuseme neno limetokea mara 4,000. Huwezi kusoma yote, unachota mistari 200 bila kuchagua. Watu wawili wanaisoma kila mmoja peke yake, kisha wanalinganisha, na pale walipotofautiana wanabishana. Ikiwa 30 kati ya hiyo 200 ni matusi kweli, kadirio lako ni 600, si 4,000. Mabishano yakiwa mengi mno, ujue tatizo ni maelezo yako ya nini hasa ni tusi, na unaanza upya.

Nawaletea mfano wa Uingereza, kwa sababu wenzetu wale wamerekodi mazungumzo ya kawaida ya watu mara mbili, miaka ya 1990 na tena miaka ya 2010. Mkusanyo wa namna hiyo wa matini, ulioingizwa kwenye kompyuta ili utafutwe, tunauita kopasi. Ile ya kwanza, ya 1994, ina maneno kama milioni 5 ya mazungumzo ya nyumbani na mitaani. Ya pili, ya 2014, ina zaidi ya milioni 11, na watu walijirekodi kwa simu zao. Mwanaisimu Robbie Love akayahesabu matusi ya pande zote mbili.

Hapa angalieni vizuri. Ukihesabu idadi tupu, kwa makadirio yangu utapata kama matusi 9,000 upande wa zamani na 15,000 upande wa sasa. Utasema Waingereza wameharibika. Lakini kapu la pili ni kubwa mara mbili na zaidi! Ndiyo maana tunagawanya, tunauliza ni matusi mangapi katika kila maneno milioni moja. Love alipata 1,822 kwa mwaka 1994, na 1,320 kwa mwaka 2014. Yamepungua kwa zaidi ya robo.

Magazeti ya kwao yalilipenda sana jambo hilo. Mimi nikauliza: limepungua tusi lipi?

Kuna neno lao ambalo wazee wetu walilipokea kwa mabwana wa kikoloni wakaliunganisha na lingine, wakapata "bladifuli". Tuchukue ile nusu ya kwanza, "bladi". Mwaka 1994 ndilo lililoongoza, mara 650 hivi kwa kila maneno milioni. Mwaka 2014 lilikuwa limeshuka hadi 128. Toeni wenyewe: limepungua kwa 522. Na matusi yote kwa jumla yamepungua kwa kiasi gani? 502. Yaani anguko lote ni la neno moja, tena linazidi. Ukiliweka kando hilo, yaliyobaki yamepanda kidogo, kutoka 1,172 hadi 1,192. Watu hawakupata adabu. Wameacha tusi moja lililochakaa, na lile lao la herufi F likachukua kiti cha mbele.

Limechakaaje? Mwaka 1914, kwenye jukwaa la London, mwigizaji mmoja alilitamka "bladi" katika tamthilia ya Bernard Shaw, na likawa gumzo la mji mzima. Miaka 80 baadaye lilikuwa neno la kusisitiza tu, kama sisi tunavyosema "sana". Tusi linaishi kwa kushtua. Lisiposhtua tena, linabaki kushindana na maneno ya kawaida ya kusisitiza, na hayo yana vijana wengi nyuma yake. Kwa hiyo kwenye mchoro, mstari unaopanda unaweza kuwa mwiko unaolegea, na unaoshuka unaweza kuwa mwiko uliokwisha kabisa. Mstari peke yake haukwambii ni upi.

Vitabu navyo vina hadithi yao. Mwaka 2017 Jean Twenge na wenzake walitumia hazina ya vitabu ya Google, wakatafuta maneno 7 mazito katika vitabu vya Marekani. Walipata kwamba vitabu vya miaka ya 2005 hadi 2008 vina maneno hayo mara 28 zaidi ya vile vya mwanzo wa miaka ya 1950. Mimi naamini sehemu kubwa ya hiyo 28 ni ya wahariri na mahakama, si ya midomo. Mwaka 1950 mchapishaji aliogopa kushtakiwa, kwa hiyo mwandishi aliweka vistari. Na ukirudi nyuma ya mwaka 1800 hazina hiyo inakuchezea kabisa: matbaa za zamani zilichapa s ndefu inayofanana na f, kompyuta ikaisoma f, na neno la Kiingereza la kunyonya likageuka tusi kubwa. Vitabu vya kulea watoto wachanga vikaonekana vya kihuni.

(Swali kutoka kwa mzee aliyekaa mbele: je, sisi wa Dar tunatukana kuliko zamani?)

Mzee wangu, kopasi zetu za Kiswahili, hata ile kubwa ya Helsinki, zimejengwa zaidi kwa maandishi: magazeti, vitabu, kumbukumbu za Bunge. Tusi likifika pale limeshaoshwa. Gazeti litaandika "alimtolea matusi ya nguoni", nami nitahesabu "matusi ya nguoni". Hapo nimehesabu pazia, sikuhesabu kilicho nyuma yake. Ukitaka jibu ni lazima urekodi mazungumzo, kwa ridhaa ya watu. Nilijaribu kijiweni Manzese. Nikaomba ruhusa, nikaweka simu juu ya benchi. Kwa nusu saa nzima waliitana "mheshimiwa". Nilipozima na kuondoka, sikufika hata kwenye kona ya barabara.