Kufuta akaunti ya Google bila kujifungia nje: kipi kianze, kipi kifuate

Habari zenu ndugu zangu. Niko mezani kwangu hapa karibu na Jamatini, Dodoma mjini, na simu mnayoiona ni ya mama mmoja anayeuza zabibu soko la Majengo. Ameniruhusu nirekodi, ila jina lake na imeili yake nimezifunika. Anataka kufuta akaunti yake ya zamani ya Google. Alifunguliwa mwaka 2016 na kijana wa intaneti kafe, na siku hizi anatumia nyingine.

Kufuta kwenyewe ni dakika mbili. Shida iko kwenye mambo mawili yaliyofungwa kwenye akaunti hii: uthibitisho wa hatua mbili, yaani zile namba zinazokuja kwa meseji baada ya nywila, na imeili ya kurejesha, ambayo ndiyo Google wanaitumia ukipotea njia. Haya mawili ukiyatoa kwa mpangilio mbaya unabaki mlangoni, huingii wala hufuti.

Tuangalie kwanza kuna nini. Fungua "Settings", gusa "Google", kisha "Manage your Google Account", halafu nenda sehemu ya "Security". Shuka chini kidogo. Hapa "2-Step Verification" imewashwa, meseji zinakuja kwenye laini yake ya sasa. Hapo sawa. Lakini tazameni "Recovery email". Mama, hii imeili ni yako? Anasema hapana, ni ya yule kijana aliyemfungulia. Basi imekaa humo tangu mwaka 2016, na mwenye sanduku hilo anaweza kuomba kurejesha akaunti ya mama huyu hata baada ya sisi kuifuta, kwa sababu akaunti iliyofutwa karibuni huwa inaweza kurudishwa.

Kwa hiyo leo hatufuti. Leo tunaanza na imeili hii, na hatuiondoi tu, tunaibadilisha. Ninaigusa, nywila inaulizwa, ninaandika imeili mpya ya mama, namba za kuthibitisha zinaenda kwenye imeili hiyo mpya, ninaziingiza. Imekubali. Sasa sikilizeni vizuri: Google wenyewe wanaeleza kwamba ukibadilisha imeili au namba ya kurejesha, ile ya zamani bado inaweza kutumiwa namba za uthibitisho kwa siku 7. Ni kinga, ili aliyeibiwa akaunti apate muda wa kujitetea. Kwetu sisi maana yake ni kwamba kijana bado ana nafasi kwa wiki nzima. Ndiyo maana uthibitisho wa hatua mbili tunauacha umewashwa siku zote hizo. Ukiuzima leo halafu ukangoja, umeondoa komeo wakati ufunguo wa ziada bado uko kwa jirani.

Ila kama imeili ya kurejesha ni yako mwenyewe na unaifungua vizuri, huna haja ya kungoja. Fanya mambo matatu yanayofuata hapa chini, kisha nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya pili.

Kabla hatujaachana, mambo matatu. Ndani ya "2-Step Verification" kuna "Backup codes". Unapewa namba kumi, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja tu. Ninazinakili kwenye karatasi kwa kalamu, mnaona, siyo picha ya skrini, kwa sababu picha inaweza kujihifadhi kwenye akaunti ileile tunayoifuta. Laini ikigoma kupokea meseji, karatasi hii ndiyo itatuingiza.

La pili ni namba za wateja. Mama ana wanunuzi wa zabibu mpaka Morogoro, na majina yao yote yamehifadhiwa kwenye akaunti hii, siyo kwenye laini. Akaunti ikifa, majina yanatoweka kwenye simu. Tunafungua "Contacts", "Organize", ambayo zamani iliandikwa "Fix & manage", "Export to file", tunapata faili moja linaloishia na `.vcf`, kisha tunaliingiza kwenye akaunti mpya.

La tatu ndilo linaloumiza watu zaidi: akaunti nyingine zinazotegemea imeili hii. Ninatafuta ndani ya Gmail neno `verify`, kisha `password`, kisha `welcome`. Kwa mama tumepata Facebook na Instagram. Zote mbili tunaingia na kuweka imeili mpya, leo hii. Anwani ya Gmail ikishafutwa haitolewi tena kwa mtu yeyote, hata wewe huwezi kuifungua upya kwa jina lilelile. Ukisahau nywila ya Instagram baadaye, namba zitatumwa kwenye sanduku ambalo halipo. Niliwahi kuletewa simu na kijana aliyemaliza chuo. Alikuwa amefuta Gmail yake, na akaunti yake ya kuombea kazi ilikuwa imesajiliwa kwa imeili hiyohiyo. Nilishindwa kumsaidia, na iliniuma.

Haya, sehemu ya pili. Sasa ni siku nane baadaye, mama amerudi. Tenga dakika kumi za kazi hii, uwe na bando la kutosha na laini iwe ndani ya simu, kwa sababu yanayofuata yote yanafanyika kwa kikao kimoja.

Kwanza, "2-Step Verification", kisha "Turn off", na unathibitisha. Kuna watu wanafuta programu ya Authenticator kwenye simu wakidhani wamezima. Hapana! Umetupa tu kifaa kinachokutolea namba, Google bado wanazidai. Kizime hapa ndani ya akaunti, ndipo ufute programu. Utajua kimezimika kwa kurudi "Security" na kuona imeandikwa "Off".

Kwa nini hiki kinatangulia imeili? Kwa sababu hapa ndipo Google wanaweza kushtuka na kukuuliza "Verify it's you". Meseji ikikwama, imeili ya kurejesha bado ipo na inaweza kukusaidia kurudi. Ukianza kuitoa hiyo, halafu meseji ikakwama, umebaki na karatasi ya namba kumi tu, na wengi hawana hata hiyo.

Pili, "Recovery phone". Hii imejitenga na ile ya hatua mbili, ingawa namba ni ileile. Kuzima kimoja hakuondoi kingine. Itoe, hasa kama laini unaiacha, kwa sababu namba ya simu, tofauti na Gmail, huweza kupewa mtu mwingine. Kisha ndipo "Recovery email", unaifuta. Tazama imeili mpya ya mama: taarifa ya mabadiliko imeingia. Ndivyo unavyojua imekubali.

Tatu, fungua hapa:

```
myaccount.google.com/deleteaccount
```

Soma juu kabisa akaunti gani imetajwa, maana kwenye simu yenye akaunti mbili ni rahisi kufuta isiyo yenyewe. Weka nywila, weka tiki kwenye visanduku viwili vya chini, gusa "Delete Account".

Bado simu yenyewe. Rudi "Settings", tafuta orodha ya akaunti, gusa ya zamani, kisha "Remove account". Usiiache hii kwa siku ya kuuza simu. Ukiifomati kupitia vitufe vya pembeni wakati akaunti iliyofutwa bado imo, ikiwaka itadai imeili na nywila ya akaunti ambayo haipo tena duniani. Ya mama hii hapa: imebaki akaunti moja, na wanunuzi wake wa Morogoro wote wamo.