Kwa nini nywele za mwenye ualbino ni za manjano?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja na joto hili la Dar. Wengi hudhani mtu mweusi ana seli nyingi za rangi kuliko Mzungu. Sivyo. Melanositi, seli zinazotengeneza melanini, ukizihesabu mgongoni kwa Msukuma na mgongoni kwa Mnorwe, idadi yake inakaribiana.

Tofauti imo kwenye kazi yake. Kila melanositi ina matawi, na kupitia matawi hayo huzigawia seli jirani, kama 36 hivi, vifuko vya melanini viitwavyo melanosomu. Kwenye ngozi nyeusi vifuko ni vikubwa na hukaa kimoja kimoja. Kwenye ngozi nyeupe ni vidogo, hurundikana, na huvunjwa mapema.

Ndani ya vifuko kuna melanini za aina mbili: yumelanini, iliyo nyeusi au kahawia, na feomelanini, ya manjano na wekundu. Zote huanzia kwenye asidi ya amino iitwayo tairosini, ambayo hubadilishwa na kimeng'enya cha tairosinesi. Kitu kinachozalishwa hapo hukutana na sisteini, asidi nyingine ya amino, iliyo na salfa. Sisteini ikiwepo, hukinasa kwanza na feomelanini hupatikana. Kazi ikiwa kubwa hadi sisteini ikaisha, ndipo yumelanini hutengenezwa kwa wingi. Kwa hiyo kiasi na aina havitengani: kimeng'enya kikizorota, hukosi rangi tu, unabaki na ile ya manjano.

Sasa tuje nyumbani. Tanzania hukadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino kati ya 1,400, na walio wengi wana hitilafu kwenye jeni ya OCA2, mara nyingi kipande kilekile cha herufi takriban 2,700 za DNA kilichopotea. Melanositi zao zipo, na tairosinesi ipo pia. Ila OCA2 ndiyo hutengeneza njia ya kupunguza uchachu ndani ya melanosomu, na tairosinesi haiwezi kazi kwenye uchachu. Inafanya kidogo tu, sisteini inanasa karibu chote kinachozalishwa, na nywele zinakuwa za manjano badala ya nyeupe kabisa. Nikimwona mtoto mwenye nywele hizo, OCA2 ndiyo naishuku kwanza, ingawa uthibitisho ni kipimo cha DNA.

Wazazi wake je? Mara nyingi ni weusi tii. Kila mmoja amebeba nakala moja mbovu, na ile nzima inatosha kuweka vifuko sawa. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kurithi mbovu zote mbili. Anayemshuku mkewe kwa rangi ya mtoto kama huyo ajue kwamba hata yeye mwenyewe amechangia nusu, na hakuna kioo cha kumwonyesha.