Doa Linalohama na Doa Linalobaki: Vipele vya Mtoto Mchanga

Mhadhara kwa wahudumu wa afya ya jamii na kina mama waliotoka kujifungua

Mama zangu, dada zangu, na ninyi kina baba mliokuja, karibuni. Leo nazungumzia jambo moja tu: yale madoa mekundu yenye kichwa cha njano yanayomtokea mtoto akiwa na siku moja, mbili au tatu. Nimekuwa mkunga kwa miaka mingi, na kila wiki analetwa mtoto wa namna hiyo, bibi yake kashika shuka, mama yake analia.

Nianze na mtoto mmoja. Alizaliwa kwa njia ya kawaida, mimba imetimia, kilo 3.2. Akalala vizuri, akanyonya. Siku ya pili alfajiri mama anamfunua, anakuta kifua kimejaa madoa, mengine mapana kama kucha ya kidole gumba, mengine kama sarafu. Katikati ya kila doa pana kipele kidogo, njano iliyopauka, kama punje ya mtama. Bibi akasema ni usaha, pakamuliwe. Shangazi akasema mama alikula pilipili wakati wa mimba.

Nilipofika sikuanza na ngozi. Nilimtazama mtoto kwanza. Nikamweka kifuani kwa mama, akalishika titi akavuta kwa nguvu. Joto la kwapani 36.8. Nikahesabu pumzi kwa dakika nzima, 44. Ndipo nikamfunua. Nikaweka vidole viwili pembeni mwa doa nikaivuta ngozi polepole: wekundu ukapauka, kile kipele kikabaki, kigumu kidogo, hakina maji ya kutoka. Nikachukua kalamu nikazungushia duara madoa matatu kifuani. Nikamwambia mama, jioni tutatazama tena.

Jioni duara mbili zilikuwa tupu. Ngozi safi kabisa. Lakini mgongoni na pajani palikuwa na madoa mapya ambayo asubuhi hayakuwepo. Hiyo ndiyo tabia yake: doa moja hukaa saa kadhaa, pengine siku moja, likatoweka hapa na jingine likazuka kule. Usaha wa vijidudu hauhami hivyo. Kwa kawaida hali nzima huisha ndani ya wiki moja, mara chache mbili, bila dawa wala kovu.

Kitabuni hali hii inaitwa erithema toksikamu. Jina hilo alilitoa daktari Leiner mwaka 1912, enzi ambazo walidhani kuna sumu inayomchafua mtoto. Sumu hakuna. Jina limebaki tu, na linawatisha watu bure wakiliona kwenye karatasi. Si pilipili, si maziwa ya mama, si uchafu wa nyumba. Karibu nusu ya watoto waliotimiza miezi yao huipata.

Sasa ile njano ni nini, kama si usaha? Ukikwangua kipele kimoja ukakitazama kwa darubini, unakuta chembe nyeupe za damu za aina inayoitwa eosinofili, zimejaa tele, na hakuna bakteria hata mmoja. Chembe hizi hukusanyika kwenye mashina ya vinyweleo. Wataalamu wengi wanaelekea kuona kwamba ni kinga ya mtoto inakutana kwa mara ya kwanza na vijidudu vya kawaida vinavyoishi kwenye ngozi. Ndiyo maana utayaona usoni, kifuani, mgongoni, matakoni, mapajani, lakini viganjani na kwenye nyayo hayapo. Hapo hapana vinyweleo. Likumbukeni hili la viganja, nitalirudia.

Nataka mtoto wa pili mumsikie kwa makini zaidi. Huyu alikuwa na siku nane. Mama yake alikuwa ameuliza kwa simu, akasema "vipele vyekundu vina njano", akajibiwa kwamba vitaisha vyenyewe. Aliyemjibu ni mimi. Maneno yalikuwa yale yale ya mtoto wa kwanza, nami nikajibu maneno badala ya kumwona mtoto. Siku iliyofuata mama akaja mwenyewe, nikamshukuru Mungu kwa hilo. Nikainua kidevu cha mtoto: ndani ya mkunjo wa shingo palikuwa na malengelenge saba yaliyojaa usaha, laini, ngozi yake nyembamba kama ya kitunguu. Mawili yalikwisha kupasuka, yameacha kidonda chekundu chenye unyevu na ukingo wa gamba. Kinena nacho hivyo hivyo. Huu ni ugonjwa wa bakteria, mara nyingi stafilokoka.

Mnaona tofauti? Rangi ya njano iko pande zote mbili, haikusaidii. Kinachosaidia ni mahali, umri na mwendo. Malengelenge ya bakteria hupenda mikunjo: shingo, kwapa, kinena, na kuzunguka kitovu. Mara nyingi huanza baada ya siku ya tatu. Yanajaa, yanapasuka, yanaacha kidonda, na lililo hapa asubuhi jioni bado liko hapa, pengine limekua. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana, doa huwa kama kivuli cha hudhurungi au zambarau, kwa hiyo msiutegemee wekundu peke yake. Tazameni kwenye mwanga wa dirishani na mpitishe kidole.

Yule mtoto alikuwa ananyonya, hana homa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unauita huo uambukizo wa mahali, naye alipewa amoksilini ya maji kwa uzito wake, siku 5. Nyumbani mama alinawa mikono, akaosha usaha na magamba kwa maji na sabuni taratibu, akakausha, akapaka jivi, ile dawa ya zambarau, mara mbili kwa siku, akanawa tena. Nilimwona baada ya siku mbili, vidonda vimekauka.

Ila angekuwa amegoma kunyonya, au joto limefika 37.5 au kushuka chini ya 35.5, au anapumua mara 60 na zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea ndani, au amepata degedege, au analala tu mpaka umsukume, huyo si wa jivi. Huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo, kifuani kwa mama ili asipoe njiani.

Vipo viwili vingine vya kukimbilia hospitali hata mtoto akionekana mzima. Malengelenge madogo ya maji yaliyosongamana kama kishada, hasa kichwani au karibu na jicho au mdomo: hiyo yaweza kuwa hepesi. Na malengelenge viganjani na kwenye nyayo: hapo tunafikiria kaswende aliyozaliwa nayo, tunampima mama na mtoto.

Na kukamua? Hapana. Kile kipele kisicho na kijidudu ukikitoboa kwa ukucha umefungua mlango kwa bakteria, na doa ambalo kesho lingeondoka linakuwa kidonda. Poda, majivu na dawa ya kuua vijidudu iliyomiminwa kwenye beseni pia viacheni.

Dada pale nyuma ameuliza: wake alizaliwa wa miezi saba, kilo 1.6, naye ana vipele vya njano siku ya nne, je asubiri vihame? Asante kwa swali. Usisubiri, dada. Erithema hii ni nadra sana kwa watoto njiti, na kinga yao ni ndogo. Tukimaliza hapa nifuate chumba cha pili, tumfunue tumtazame.