Ugonjwa kwenye sivii: uutaje wapi, na kwa maneno gani

BARAKA: Karibuni tena kwenye kipindi. Niko na dada Zuhura, ambaye kabla hajaanza kukaa na mimi hapa kwenye maikrofoni alikuwa afisa rasilimali watu, kazi yake kuchambua sivii. Leo tunazungumzia mtu mwenye ulemavu au ugonjwa wa kudumu anayeandaa wasifu wa kuombea kazi. Autaje au asiutaje?

ZUHURA: Kwenye sivii yenyewe, mara nyingi asiutaje.

BARAKA: Umenikatia mapema! Nilidhani tungebishana kwanza.

ZUHURA: Tutabishana tu. Ila nianze na ushahidi. Mwaka 2015 watafiti wa vyuo vikuu vya Rutgers na Syracuse, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio lao. Walituma maombi ya kubuni kwenye nafasi za uhasibu zaidi ya 6,000. Sifa za waombaji zilikuwa nzuri na zinalingana, tofauti ikawa kwenye barua ya maombi. Baadhi ya barua hazikugusa ulemavu kabisa, nyingine zilitaja jeraha la uti wa mgongo, nyingine zikataja aina ya usonji iliyokuwa ikiitwa Asperger. Waliotaja walipata majibu ya kutakiwa machache kwa asilimia 26.

BARAKA: Na uhasibu ni kazi ya kukaa na kukokotoa.

ZUHURA: Ndiyo maana waliuchagua, ulemavu ule usiwe kisingizio. Mchujo wa sivii unafanyika haraka na hakuna anayekuuliza swali. Ukiandika "nina kifafa", msomaji anajaza mwenyewe yale anayoyajua kuhusu kifafa, na wewe haupo pale kumsahihisha.

BARAKA: Basi tukae na kifafa, kwa sababu watu wanakiogopa kuliko wanavyokijua. Tubuni mtu. Dada mmoja, fundi sanifu wa maabara ya hospitali. Alifanya kazi Januari 2018 hadi Februari 2022. Kifafa kikaanza, akaacha kazi, dawa zikabadilishwa mpaka ikapatikana inayomfaa. Sasa hajapata degedege muda mrefu, na anataka kurudi kazini. Sivii yake ina shimo.

ZUHURA: Machi 2022 hadi Mei 2023, tuseme. Katika kipindi hicho, mwishoni alipopata nguvu, alisoma kozi fupi ya ISO 15189, kile kiwango cha ubora wa maabara za tiba. Baada ya hapo akashika kazi ya muda kwenye kliniki ndogo. Mimi shimo lile ningeliandika hivi: "Machi 2022 – Mei 2023: Mapumziko ya kazi. Nilikamilisha mafunzo ya ISO 15189." Basi.

BARAKA: Hakuna neno afya?

ZUHURA: Hakuna. Na hakuna uongo. Kulikuwa na mapumziko, kulikuwa na mafunzo.

BARAKA: Hapo ndipo nabisha. Mwaka mmoja na zaidi, halafu kozi fupi? Msomaji atahesabu. Akili ya mtu ikikuta pengo hufikiria mabaya: alifukuzwa, alifungwa, mvivu. Si bora kusema "kwa sababu za kiafya, na sasa niko tayari kwa kazi ya kutwa"?

ZUHURA: Kama hana kozi, hana kazi ya muda, hana chochote cha kuweka pale, nakubaliana nawe. Mstari mmoja mfupi unazuia dhana mbaya zaidi. Lakini uishie kwenye "sababu za kiafya", jina la ugonjwa lisiingie. Na asiandike "nimepona kabisa" kama anameza dawa kila siku. Siku daktari wa kampuni akiona dawa zile, tatizo litakuwa lile neno "kabisa", maana ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kueleweka.

BARAKA: Wengine wanaficha kwa kuandika miaka bila miezi. "2018–2022, 2023 hadi sasa."

ZUHURA: Ni halali, na kwenye sivii mara nyingi inapita. Ila waajiri wengi wana fomu zao za maombi zinazodai mwezi na mwaka, na msaili anaweza kuuliza, "Uliondoka mwezi gani?" Kama jibu hujalifanyia mazoezi utababaika, na kubabaika kunaonekana kuliko shimo lenyewe. Andaa sentensi mbili: "Nilikuwa na suala la kiafya lililohitaji muda. Limedhibitiwa, na tangu Juni 2023 nimekuwa kazini bila kukatiza." Halafu ugeukie kazi: "Nikiwa kliniki nilikuwa nasimamia udhibiti wa ubora wa vipimo vya damu." Ukiweka kituo ukanyamaza, wataendelea kuchimba.

BARAKA: Haya, usaili umepita salama. Lakini tangazo lilisema zamu za mzunguko, zikiwemo za usiku. Na mtu mwenye kifafa…

ZUHURA: Kukosa usingizi ni moja ya vichochezi vinavyojulikana vya degedege. Hapa sasa ndipo penye uamuzi hasa. Watu wanajiuliza, "Niseme ugonjwa wangu?" Mimi ningeuliza, "Kazi hii inanidai kitu gani ambacho siwezi kukifanya jinsi walivyokipanga?" Kama jibu ni hakuna, pengine huna sababu ya kumwambia mtu yeyote. Kama jibu ni zamu za usiku, unalo jambo mahususi la kujadili, na linajadilika bila kutaja ugonjwa.

BARAKA: Na kama tangazo linataka pia leseni ya udereva, kupeleka sampuli?

ZUHURA: Nchi nyingi zina masharti ya muda ambao mtu mwenye kifafa lazima awe amekaa bila degedege ndipo aruhusiwe kuendesha. Kama hajautimiza, haendeshi, na hilo halina mjadala. Aangalie tu uzito wake kwenye kazi. Kama kuendesha ndiyo kazi yenyewe, aache nafasi hiyo. Kama ni mara mojamoja, mtu mwingine anaweza kupewa, nalo linaingia kwenye mazungumzo yale yale ya zamu.

BARAKA: Mazungumzo yanayofanyika lini?

ZUHURA: Baada ya kupewa barua ya ajira, kabla ya kuisaini. Nakueleza sababu. Ukisema kabla, wakikuacha utaambiwa "tumepata mwenye sifa zaidi", na huwezi kujua. Ukisema wakati barua wameshakupa, wakiifuta, sababu inaonekana mchana kweupe, nao wanalijua hilo. Ukingoja hadi umesaini na umepangiwa zamu ya usiku wiki ya pili, mkuu wa kitengo atahisi amezungukwa.

BARAKA: Tuandike basi barua ya kuyaanzisha mazungumzo hayo.

ZUHURA: "Nashukuru kwa kunipa nafasi hii. Kabla sijasaini, naomba tukubaliane jambo moja. Nina hali ya kiafya ya kudumu ambayo imedhibitiwa kwa dawa, na daktari wangu ameshauri nisifanye zamu za usiku. Niko tayari kwa zamu za asubuhi na za jioni, zikiwemo za mwisho wa juma. Naweza kuleta barua ya daktari." Kifafa hakijatajwa. Kimetajwa kikomo, na kimetajwa anachotoa badala yake. Hiyo mwisho wa juma ndiyo inayomfanya mpanga zamu apumue.

BARAKA: Wakikataa?

ZUHURA: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa 2006, kwenye kifungu cha 27 unazitaka nchi zilizouridhia zihakikishe mazingira ya kazi yanarekebishwa kwa kiasi kinachowezekana kwa ajili ya mtu huyo. Lakini ule mzigo usiwe wa kumwelemea mwajiri. Maabara yenye mafundi ishirini ikisema haiwezi kupanga zamu upya, ina kazi ya kueleza. Yenye mafundi wawili, huenda kweli haiwezi. Namna sheria ya nchi yako inavyolitekeleza hilo, uliza kabla ya kufika hapo.

BARAKA: Nirudi nyuma kidogo. Kuna fomu zinauliza moja kwa moja: "Je, una ugonjwa wowote wa kudumu?"

ZUHURA: Kwanza angalia fomu hiyo ni ya nini. Nyingine ni za takwimu za usawa, zinatenganishwa na maombi. Nyingine ni za mwajiri aliyetenga nafasi kwa watu wenye ulemavu, na hapo ukinyamaza unajinyima nafasi yako mwenyewe. Ila kama ni fomu ya maombi ya kawaida, kuna nchi ambako mwajiri kwa kawaida haruhusiwi kuuliza hilo kabla ya kutoa ofa. Marekani ni hivyo tangu sheria yao ya 1990, na Uingereza tangu ile ya 2010. Popote ulipo, usiandike "Hapana" kama si kweli. Kukaa kimya na kusema uongo ni vitu viwili tofauti, na cha pili kinaweza kukufukuzisha miaka mitatu baadaye, hata kama kazi unaifanya vizuri. Andika, "Niko tayari kujadili chochote kinachohusu majukumu ya kazi hii."

BARAKA: Na mwenye ulemavu unaoonekana? Anayetumia kiti cha magurudumu, au kiziwi anayehitaji mkalimani wa lugha ya alama?

ZUHURA: Yeye saa yake ni tofauti. Anasema anapoitwa kwenye usaili, kwa sababu anahitaji kitu siku hiyo hiyo. "Nitahitaji chumba kisicho na ngazi," au "nitahitaji mkalimani wa lugha ya alama, na ninaweza kuwapa mawasiliano ya mmoja." Atume mapema, mkalimani hapatikani kwa kupiga simu asubuhi ya usaili. Na aikague sivii yake: shule ya viziwi, uongozi wa chama cha wasioona, vyote vinasema kabla yeye hajasema. Simwambii avifute. Kama aliongoza chama na kusimamia bajeti yake, ule ni uzoefu mzito, na mimi ningeuacha. Ila aache akijua.

BARAKA: Yule dada wa maabara, kuna mlango mmoja hatujaufunga. Wadhamini. Bosi wake wa zamani alimwona akianguka kazini.

ZUHURA: Na bosi huyo, kwa nia njema kabisa, atasema kwenye simu, "Ni mchapakazi sana, maskini, afya tu." Sentensi hiyo inavunja kila kitu tulichopanga. Kwa hiyo ampigie kabla ya kuandika jina lake. Amwambie: "Mzee, naomba kukuandika kama mdhamini. Sasa hivi niko vizuri na nipo kazini. Wakikuuliza, naomba uwaeleze kazi yangu tu. Mambo ya afya nitawaambia mwenyewe." Asikilize anavyojibu. Akianza, "Lakini si lazima wajue?", basi aandike jina la yule msimamizi wa kliniki.